Tafadhali Usiandike "Fasaha"

Swali la lugha huja mwishoni, mkikaribia kuagana. Tulikuwa tumeongea dakika ishirini kwa Kiingereza, mimi nimesimama juu ya paa la ploti katikati ya nguo za majirani kwa sababu huko ndiko netiweki hushika. Yule dada wa ajira alikuwa ameridhika na kila kitu. Hata ile stori ya mimi kuacha chuo mwaka wa pili aliimeza bila kukohoa.

"Kiingereza chako nimekisikia," akasema. "Na Kiswahili?"

Nikacheka. "Madam, mimi ni Mkenya."

Naye akacheka, nikasikia vidole vyake vikigonga kibodi. Najua alichoandika kwa sababu ndicho kilichokuwa kwenye sivii yangu: Kiingereza, fasaha, Kiswahili, fasaha. Sivii zetu huwa za Kiingereza, kwa hivyo neno lenyewe liko kwa Kiingereza, lakini wewe unalijua. Liko kwa sivii yako pia.

Nina ugomvi na neno hilo. Nimelitumia miaka minne, limeninyima kazi moja na kunipa nyingine, na mpaka leo sijui ni gani kati ya hizo mbili iliyoniaibisha zaidi.

Ile ya kwanza ilikuwa ya kampuni inayokopesha watu pesa. Walitaka mtu wa kutafsiri barua na ujumbe wa wateja kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Baada ya kile kicheko chetu nilitumiwa mtihani: barua ya maneno kama 400, saa moja, andika, rudisha. Nilimaliza dakika kumi kabla ya muda, nikajisikia mjanja. Jibu lilirudi baada ya siku tatu, na kwa hilo nawashukuru, maana wengi hunyamaza tu. Mtu alikuwa amepitia kazi yangu kwa wino mwekundu.

Nilikuwa nimeandika "mkopo yenye ulichukua." Soma kwa sauti. Mtaani hakuna mtu atakayekugeukia, hivyo ndivyo tunavyoongea. Kwenye barua ya mkopeshaji ni "mkopo uliochukua," na tofauti hiyo ndiyo humfanya mteja aamini kwamba barua imetoka ofisini wala si kwa matapeli. Nilikuwa nimeandika "kama hautalipa" mahali pa "usipolipa." Lakini kosa lililoniua lilikuwa kwenye sentensi iliyozungumzia thamani ya dhamana, yaani ile logbuku au friji unayoweka rehani ni ya pesa ngapi. Mimi niliandika "dhamani ya dhamani." Mara tatu. Thamani na dhamana, maneno mawili ambayo kampuni ya mikopo inaishi kwayo, nilikuwa nimeyapika yakawa kitu kimoja kisichokuwemo katika kamusi yoyote.

Sasa, je, nilidanganya kwenye simu? Mimi huongea Kiswahili siku nzima. Nanunua sukuma kwacho, nagombana na makanga kwacho, nimewahi kuachwa na msichana kwacho na nikaelewa kila neno. Mdomoni, "dh" na "th" zangu huteleza na hakuna anayejali, kwa sababu uso wangu, mikono yangu na friji yenyewe pale kando vinamsaidia anayesikiliza. Barua haina uso. Nilikuwa nimeulizwa swali moja likajibiwa na mdomo, halafu kazi ikapewa mkono.

Na usinitolee cheti. Nilipata B+ ya Kiswahili kwenye KCSE, nayo nilikuwa nimeiandika juu kabisa. Hebu tuangalie hiyo B+ inasema nini. Sisi wa 8-4-4 tulifanya karatasi tatu: Insha ya alama 40, Lugha ya alama 80, Fasihi ya alama 80. Katika alama hizo 200, hakuna hata moja uliyoipata kwa kufungua mdomo. Fasihi simulizi yenyewe, ambayo jina lake linatangaza kwamba ni ya kusimuliwa, uliijibu kwa kalamu. Kiingereza nacho kina kichekesho chake: karatasi ya kwanza ina sehemu nzima ya stadi za kuzungumza, na unaijibu kimya kimya kwa maandishi. Unaandika ni maneno gani mawili yanatamkwa sawa. Msimamizi akikusikia ukiyatamka, anakuja kukuuliza unaongea na nani.

Kwa hivyo gredi yako haisemi lolote kuhusu unavyozungumza. Kuhusu unavyoandika inasema kidogo, na kidogo hicho kina tarehe. Nilikuwa na B+ ya kijana wa miaka kumi na minane aliyekuwa amekariri methali mia moja na mpangilio wa kumbukumbu za mkutano. Tangu siku hiyo sikuwa nimeandika ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mtu angeusoma kwa makini. Nilichokuwa nikiandika ni meseji, na meseji zangu unazijua: nusu Sheng, nusu Kiingereza, na alama ya kuuliza pekee ndiyo iliyokaa mahali pake.

Kiingereza changu ni kinyume kabisa, na nadhani wengi wetu tuko hivyo. Kwenye karatasi kiko sawa, ndicho kinanilipia kodi. Nikipewa siku mbili nitakuandikia makala ambayo mhariri atagusa mahali pawili tu. Lakini niweke kwenye simu na mteja wa ng'ambo aliyekasirika, anayeongea haraka na kumeza nusu ya maneno, uone nitakavyokuwa mpole. Kila jibu langu linaanza kwa "ndiyo." Hata lisilofaa kuanza kwa ndiyo.

Ukinipima basi kwa haki unapata watu wanne ndani ya shati moja. Kuna anayeandika Kiingereza, ambaye ni fundi. Kuna anayezungumza Kiingereza, ambaye anajitahidi. Kuna anayezungumza Kiswahili, ambaye yuko nyumbani mpaka umpeleke mahali pa heshima. Na kuna anayeandika Kiswahili, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi. Sivii ilikuwa na nafasi ya wawili, nikawapa wote jina moja.

Wenye mizani za lugha walishaliona hili zamani. Ule mtihani wa IELTS ambao wenzetu wanaukopea pesa ili waende ng'ambo hukupa alama nne tofauti: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja kuanzia 0 hadi 9. Kuna vyuo vinavyokubali jumla yako lakini vikakukataa kwa sababu ya kuandika tu. Wazungu wa Ulaya wana ngazi zao za A1 mpaka C2, na katika jedwali wanalojazia wasifu wao mtu anaweza kujiandikia B2 ya kuzungumza na A2 ya kuandika katika lugha hiyo hiyo bila aibu. Lakini nenda LinkedIn ukaongeze lugha. Utachagua Kiswahili, kisha utapewa orodha ya ngazi tano, na unaruhusiwa kuchagua moja. Moja kwa lugha nzima. Ya juu kabisa inasomeka `Native or bilingual proficiency`, na vidole vya Mkenya huikimbilia hiyo kama matatu inavyokimbilia abiria, kwa sababu sisi si wenyewe?

Hapo kwa "wenyewe" napo tuongee. Kwetu ni Machakos. Lugha niliyolilia nayo ni Kikamba. Kiswahili nilikipata kwa watoto wa ploti na kwa redio, halafu shuleni. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Haisemi kwamba ukizaliwa ndani ya mipaka unapewa ngeli pamoja na chanjo. Tunapomwambia mwajiri "mimi ni Mkenya" tunamjibu swali la uraia, yeye aliuliza la kazi.

Na hata aliye mwenyewe kwelikweli, jibu hilo halimfai. Nina rafiki wa Mombasa, mtoto wa Mji wa Kale, ambaye nikimsikia akiongea na mamake natamani kunyamaza mwaka mzima. Yeye naye ameshakataliwa kazi ya kuhariri Kiswahili, kwa sababu aliandika anavyosema. Kiswahili cha ofisini si chake. Mwaka 1928 wakoloni walifanya mkutano wa kuchagua lahaja ya kusanifishwa, wakachagua Kiunguja wakaiacha Kimvita, na mkutano huo waliufanyia wapi? Mombasa. Jamaa anasema walikunywa maji ya watu kisha wakawaambia hayafai. Kwa hivyo naye ana viwili: cha kuzungumza ambacho mimi sitakifikia, na cha kuandika ambacho ilibidi ajifunze ukubwani kama mimi. Neno "fasaha" likitukuta tumekaa pamoja halituoni tofauti.

Lakini kunyimwa kazi ni kitu kidogo. Nilipata hasara mimi na mfuko wangu, basi. Ile kazi niliyopewa ndiyo inayoniamsha usiku.

Ilikuwa ya kukusanya data Kilifi, vijijini, kuhusu chakula na afya majumbani. Dada mwingine wa ajira, simu nyingine, Kiingereza dakika kumi na tano, kisha: "Na Kiswahili uko fasaha?" Nikasema ndiyo. Safari hii hapakuwa na mtihani. Tulifunzwa siku tatu, kwa Kiingereza. Tukapewa simu zenye maswali, kwa Kiingereza. Mtu mmoja akauliza tutayauliza kwa lugha gani, msimamizi akajibu kama anayeshangaa: "Kiswahili. Si nyinyi nyote mnakijua?"

Fikiria kazi yenyewe ilivyo. Unasoma sentensi ya Kiingereza kwa macho, na kabla mama aliyekaa mbele yako hajaanza kushuku ukimya wako, iwe imetoka kwa Kiswahili, kamili, bila kuongeza wala kupunguza. Hiyo ni kutafsiri papo hapo. Ni ujuzi peke yake, watu huusomea. Haumo ndani ya kuzungumza wala ndani ya kuandika, ingawa unavihitaji vyote. Tulikuwa kumi na wawili na kila mmoja wetu alikuwa akiutunga uwanjani, kivyake.

Swali la tatu lilitaja watu wanaokaa na kula pamoja. Vitabu vya Kiswahili vina neno lake, kaya. Mwenzetu mmoja aliyesoma vizuri akalitumia: "Kaya yenu ina watu wangapi?" Mbele ya mzee wa Kigiriama. Kwa Wamijikenda kaya ni makao ya wahenga wao, ile misitu mitakatifu ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mzee alimwangalia kwa muda, akamuuliza yeye anataka kuhesabu nani huko. Jioni tulicheka sana. Kisha tukalinganisha na kukuta kwamba wengine walikuwa wakisema "familia," wengine "boma," wengine "nyumba," na kwamba boma moja linaweza kuwa na nyumba nne na vyungu vitatu. Tulikuwa tumehesabu vitu tofauti siku mbili nzima na kuviandika kwenye safu moja.

Halafu kulikuwa na yale maswali ya njaa. Katika wiki nne zilizopita, ni mara ngapi umelala bila kula? Majibu yalikuwa matatu: nadra, ikimaanisha mara moja au mbili, lile la katikati, mara tatu hadi kumi, na la juu, zaidi ya kumi. Lile la katikati mimi nililiita "mara kwa mara." Sikufikiria mara mbili. Siku ya nne nikamsikia mwenzangu kwenye nyumba ya jirani akiuliza, na yeye "mara kwa mara" ilikuwa la juu. Wote tulikuwa sahihi! Maneno hayo yanabeba "mara moja moja" na yanabeba "kila wakati," inategemea anayesema. Mama mmoja mwenye njaa ya siku tano angeingia kisanduku changu au cha mwenzangu kutegemea ni nani kati yetu aliyepiga hodi.

Kinachoniamsha, ingawa, ni ukurasa wa kwanza, wa ridhaa. Pale unamwambia mtu kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba hatapata faida ya moja kwa moja kwa kushiriki. Nilisema hivyo hivyo. "Mama, hutafaidika moja kwa moja." Kiswahili safi, hata mwalimu wangu angeweka vyema. Mama akakubali, akanitolea kiti cha mti na kujibu maswali yote ya dakika hamsini huku mtoto akimlilia mgongoni. Nilipofunga simu akaniuliza kwa upole:

"Haya mwanangu, na hizo faida zitakuja lini?"

Alikuwa amesikia kwamba hazitakuja moja kwa moja. Hazitakuja papo hapo. Kwa hivyo zinakuja polepole. "Moja kwa moja" ni bila kupitia kwingine, na ni bila kuchelewa, na kwa wengine ni milele. Nilikuwa nimemwahidi kitu huku nikidhani ninamwonya, na nilikuwa nimeshawaambia hivyo watu zaidi ya thelathini. Alichohitaji kuambiwa ni hiki: "Mama, hatutakupa pesa wala chakula wala kitu kingine, si leo wala baadaye. Tunauliza tu tupate kujua hali ilivyo. Ukikataa, hakuna kitu utakachonyimwa." Sentensi tatu za kawaida. Sikuwa nazo kwa sababu hakuna aliyekaa chini kuziandika, na hakuna aliyekaa chini kuziandika kwa sababu watu kumi na wawili walisema wako fasaha.

Namna ya kufanya kazi hiyo vizuri inajulikana, si siri. Mtu anayejua kuandika Kiswahili anatafsiri maswali yote kabla. Mtu wa pili, ambaye hajaona Kiingereza, anairudisha ile tafsiri kwenye Kiingereza. Unaweka vile Kiingereza viwili kando kwa kando, na penye tofauti ndipo penye shida. Kisha unajaribu kwa watu wachache wa pale pale kijijini. Hapo "moja kwa moja" ingenaswa asubuhi ya kwanza. Lakini inagharimu pesa, na neno "fasaha" linaokoa pesa hizo. Ndiyo maana silioni kama neno la upole. Mwajiri analipenda kwa sababu linamruhusu asilipie kitu, na sisi tunalipenda kwa sababu linaturuhusu tusipimwe.

Tazama matangazo yenyewe. Kiingereza huandikwa kama sharti, tena kwa sifa: cha kuandika na cha kuzungumza, cha hali ya juu. Kiswahili huwekwa chini kabisa kama nyongeza, baada ya leseni ya kuendesha gari. Halafu unaingia kazini na unakuta Kiingereza ni cha kuandikia ripoti ya Ijumaa, Kiswahili ndicho kazi yenyewe kuanzia Jumatatu. Kipo kila siku na hakimo kwenye mshahara, kama maji ya mfereji. Tusijifanye sisi ni malaika, lakini. Wasee hao hao wanaolia kwamba Kiswahili hakithaminiwi ndio wanaojibu "mimi ni Mkenya" na kucheka. Kama wewe mwenyewe unasema ulikipata bure, kwa nini mtu akilipie?

Siku hizi sivii yangu imebadilika. Sehemu ya lugha imekuwa ndefu kuliko ya masomo, jambo ambalo kwa mtu aliyeacha chuo pia lina manufaa yake. Inasema hivi, nikiitoa kwenye Kiingereza:

Kiswahili, kuandika: natafsiri kutoka Kiingereza maneno kama 250 kwa saa, pamoja na kusahihisha, barua, maagizo, maswali ya utafiti. Sheria na tiba sijafanya. Nahitaji msomaji wa pili kabla ya kuchapisha. Kiswahili, kuzungumza: mahojiano marefu Nairobi, Machakos na Kilifi, Sheng naielewa na kuinukuu, lahaja za pwani nazielewa nikizisikia, sizizungumzi. Kunakili sauti: saa moja ya rekodi safi, saa tano za kazi, ya sokoni, saa nane. Kiingereza, kuandika: makala zilizochapishwa, kiungo hiki hapa. Kiingereza, kuzungumza: mikutano na mahojiano, sawa, simu za wateja waliokasirika, si mimi wa kunitegemea.

Sentensi hiyo ya mwisho inawatisha marafiki zangu. Wanasema nimejichimbia kaburi. Hoja yao ni ya maana, siidharau: mwajiri ana sivii mia tatu, wengine wote wameandika fasaha, wewe unakiri udhaifu, yeye anasonga mbele. Kweli, nimesongwa mbele mara nyingi. Lakini zile kazi nilizosongwa ni zile ambazo mtu angeniweka kwenye simu na wateja waliokasirika. Na waliobaki wamewahi kunipigia wakisema kwamba wameamini sifa zangu kwa sababu ya ile moja niliyojinyima. Mtu akikuambia anafanya maneno 250 kwa saa unajua ameshakaa na saa. Akikuambia fasaha, unajua nini?

Kama fomu ni ya kuchagua ngazi moja na huna pa kuandika zaidi, mimi huchagua ngazi ya ule ujuzi ambao kazi itauhitaji siku ya kwanza, si ule ninaojivunia. Ya kutafsiri, naweka ngazi ya mkono wangu. Ya mahojiano, ya mdomo. Kisha mgawanyo wote nauweka kwenye barua ya maombi, aya ya kwanza, usije ukazikwa chini.

Na usijipime kwa hisia, maana hisia ndizo zilizotufikisha hapa. Chukua barua ya Kiingereza ya ukurasa mmoja, ya benki au ya shule, iandike kwa Kiswahili kwa dakika arobaini na tano bila kufungua mtandao, umpe mwalimu wa Kiswahili akupasue. Hesabu makosa kwa aina: ya ngeli, ya tahajia, na ya maana. Ya tahajia yanarekebishika kwa mwezi wa kusoma magazeti. Ya maana, kama dhamani yangu, ndiyo ya kukufanya useme "bado." Kisha jirekodi dakika tatu ukimweleza mamako jinsi ya kurudishiwa pesa zilizotumwa kwa namba isiyo yake. Halafu jirekodi tena ukieleza hayo hayo kwa Kiingereza, kana kwamba unamweleza mgeni. Sikiliza kesho yake, si siku hiyo. Kwenye rekodi yangu ya kwanza ya Kiswahili, nomino zote zilizobeba maana zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kinafanya kazi ya gundi.

Kitu kimoja zaidi kabla sijasahau, kwa nyinyi mnaotuma mitihani. Maneno 300 au 400 yanatosha kumjua mtu. Ukinitumia maneno 3,000 na kusema ni ya majaribio, na ukawatumia wenzangu tisa kurasa zinazofuata, hujaribu mtu, unatafsiriwa kitabu bure. Nimeshaingia kwa hiyo mara moja. Siku hizi naomba bei ya chochote kinachopita ukurasa mmoja, na wale wa kweli hawakasiriki.

Wiki iliyopita nilikuwa tena juu ya paa. Dada mwingine, sauti nzuri, haraka kidogo. Tukapita kwenye kazi nilizofanya, tukapita kwenye chuo, akafika.

"Na Kiswahili chako kikoje?"

"Cha kuandika au cha kuzungumza?"

"Pardoni?"

"Mnataka mtu wa kuandika kwa Kiswahili au wa kuongea na watu? Na ni kuandika nini? Maana viko tofauti kwangu, nataka nikujibu vizuri."

Kukawa kimya. Nikafikiri laini imekatika, nikasogea upande wa tangi la maji.

"Ngoja niangalie," akasema. Nikamsikia akifungua karatasi, au labda ni mtu mwingine ofisini. Akauliza mtu kitu, sikusikia jibu. Akarudi.

"Hawajaandika," akasema. "Wameandika tu fasaha."

"Basi tafadhali waulize," nikamwambia. "Nitasubiri."